Shule inasema wazazi ndio tuliofunga akaunti za watoto, nami nasema si kweli

Mzazi_Majengo_Moshi

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Binti yangu ana miaka 11 na yuko darasa la sita katika shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa Moshi, ambayo sitaitaja kwa sababu bado nampeleka mtoto huko kila asubuhi. Muhula huu shule imelipia tovuti ya mazoezi ya Hisabati na Sayansi, na kila mtoto amepewa anwani ya barua pepe ya shule inayoishia na .sc.tz. Tumeelekezwa kwamba mtoto anafungua tovuti hiyo, anabonyeza kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google, anachagua akaunti ya shule na kuanza kazi. Maelezo ni mepesi kama yalivyo, ila binti yangu hajawahi kufika kwenye swali hata moja.

Simu anayotumia ina Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu na akaunti ya mtoto, ambayo niliiweka mwenyewe. Kikwazo cha kwanza kilikuwa kwamba simu ilikataa kupokea akaunti ya shule mpaka mzazi atoe idhini kwa nenosiri lake, na mimi kwa siku za kazi naishi Arusha. Nilisubiri mwisho wa wiki, nikaenda nyumbani, nikaingiza nenosiri langu, akaunti ikaingia na barua za walimu zikaonekana. Nikadhani shughuli imekwisha. Mtoto alipofungua tovuti ya mazoezi na kuchagua akaunti ile ile, ulitokea ukurasa mweupe wenye maneno haya:

```
Access blocked: Your institution's admin needs to review
Error 400: access_not_configured
```

Nimelipeleka suala hili shuleni, nikajibiwa kwenye kundi la WhatsApp mbele ya wazazi wote kwamba tatizo ni "udhibiti wa wazazi" na kwamba kila mzazi mwenye Family Link aiondoe. Nimewaandikia wenye tovuti, wakanirudisha shuleni. Wakati huo huo daftari la binti linaandikwa "hakufanya" kwa kalamu nyekundu. Nimeongeza saa za matumizi, nimeiruhusu tovuti hiyo kwa jina kwenye orodha ya tovuti zinazokubaliwa, na ukurasa ni ule ule. Naomba mwenye ujuzi aniambie ni kitu gani hasa mzazi anatakiwa kukirekebisha ambacho mimi sijakigusa.

Kijana_wa_Sakina

Pole sana, mkuu. Hilo ni suala la umri, hakuna kingine. Google haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kuwa na akaunti yake binafsi bila mzazi, na ndiyo maana kila mahali anaulizwa ruhusa. Mfungulie Gmail nyingine ya kawaida, andika mwaka wa kuzaliwa 2004, kisha uiongeze kwenye simu hiyo hiyo. Mdogo wangu anatumia hivyo na hajawahi kusumbuliwa.

Fundi_Akaunti_Njiro

Mzee wa Majengo, mimi nasimamia akaunti za shule mbili hapa Arusha, na maneno uliyonakili yananitosha. Kijana wa Sakina amepatia kwamba umri unahusika, lakini ushauri wake hautafika popote. Simu inayosimamiwa na Family Link haikubali Gmail ya pili ya kawaida kwa mtoto wa umri huo. Akaunti ya ziada inayopokelewa ni ile ya shule, nayo kwa idhini ya mzazi. Tena hata kama simu ingeikubali, tovuti ya mazoezi inamtambua mtoto kwa anwani ya shule, kwa hiyo Gmail ya mwaka 2004 ingemwingiza kama mgeni asiye na darasa.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo shule imeyachanganya. Idhini uliyoitoa kwa nenosiri lako ilikuwa kufuli ya Family Link, na hiyo umeshaifungua, kwani akaunti isingeingia kabisa. Ukurasa mweupe ni kufuli nyingine, na wenyewe unajitaja: unasema msimamizi wa taasisi yako anahitaji kuipitia programu hiyo. Wewe si msimamizi wa taasisi yoyote. Anayesemwa hapo ni mtu wa shule mwenye nenosiri la kusimamia akaunti zote za .sc.tz.

Chanzo chake ni hiki. Katika mfumo wa Google wa shule za msingi na sekondari, wanafunzi huhesabiwa kuwa chini ya miaka 18 mpaka msimamizi aseme vingine. Tangu Oktoba 2023, mwanafunzi wa namna hiyo hawezi kutumia akaunti ya shule kuingia kwenye programu au tovuti ya kampuni nyingine mpaka msimamizi awe ameipitia na kuiwekea uamuzi. Shule ikinunua huduma na mtu asiifanye kazi hiyo, watoto wote watagonga ukuta huo huo, awe na Family Link au asiwe nayo.

Kama shule inabisha, kuna jaribio rahisi. Chukua kompyuta isiyo na uhusiano wowote na simu ya mtoto, fungua dirisha la siri la kivinjari, na umwache binti aingie kwa akaunti ya shule. Family Link haipo kwenye kompyuta hiyo wala haisimamii akaunti ya shule. Ukurasa ule ule ukitokea, piga picha uitume kwenye kundi lile lile.

Na usiiondoe Family Link kwa agizo la mtu. Kwa mtoto wa miaka 11 huwezi kusitisha usimamizi na kubaki na akaunti yake binafsi. Njia iliyopo ni kuifuta akaunti yenyewe, pamoja na picha na kila kilichomo. Sidhani kama aliyeandika ujumbe ule alilijua hilo.

Rekebisho moja lililo mikononi mwako ni kumpa mama wa mtoto nafasi ya mzazi. Muingize kwenye kundi la familia kwa akaunti yake mwenyewe, kisha wewe uliyeliunda kundi umteue kuwa mzazi. Awe na miaka 18 au zaidi, jambo ambalo naamini si tatizo nyumbani kwako. Hapo idhini itatolewa Moshi kwa nenosiri lake, na hutalazimika kusoma la kwako kwenye simu huku ukiwa ndani ya daladala.

Mama_Pasua

Samahani kwa kuingilia, ila na mimi nimefungiwa. Mwanangu ana miaka 10 na alikuwa na Gmail tuliyofunguliwa na mtu wa duka la simu, yenye mwaka wa kuzaliwa wa uongo. Mimi kwa uaminifu wangu nikaingia nikarekebisha, nikaweka 2015. Sasa naambiwa akaunti itazimwa. Je, na mimi niwaone shule?

Fundi_Akaunti_Njiro

Hapana, mama, la kwako ni tofauti na shule haihusiki. Ulipoandika mwaka wa kweli, mfumo umeona mtoto ana akaunti isiyo na mzazi, na umekupa siku 14. Ndani ya siku hizo fuata kiungo kilichoko kwenye ujumbe huo, uchague kuweka usimamizi wa mzazi, na uiunganishe na akaunti yako mwenyewe, vilivyomo vitabaki. Njia nyingine inayoonyeshwa hapo, ya kuthibitisha umri kwa kitambulisho, ni ya mtu mzima aliyekosea kuandika tarehe yake, kwa hiyo usipakie kitambulisho chako cha NIDA kwa niaba ya mtoto. Siku hizo zikipita, akaunti inazimwa, na siku 30 baada ya hapo taarifa zake zinafutwa. Usingoje wiki ijayo.

Mwl_Usa_River

Naomba na walimu tusikilizwe kidogo. Wazazi mnazungumza kana kwamba kila shule ina kitengo cha TEHAMA chenye watu watano. Mimi nafundisha Kiswahili, na nimekabidhiwa akaunti za watoto kwa sababu tu nilionekana natumia kompyuta mpakato yangu mwenyewe. Sisi tulipokutana na ukurasa huo tuliweka wanafunzi wote kuwa watu wa miaka 18 na zaidi, na mambo yakafunguka siku hiyo hiyo. Mzazi aiambie shule ifanye hivyo tu.

Fundi_Akaunti_Njiro

Mwalimu, mzigo wako naufahamu, ila njia hiyo imefungua vingi kuliko tovuti moja. Mtoto wa darasa la tatu anayeandikwa mtu mzima anaondolewa pia vizuizi vya YouTube na vya huduma nyingine ambavyo umri ule ulikuwa unamwekea, na mzazi hajulishwi. Kazi inayotakiwa ni fupi. Kwenye ukurasa wa usimamizi unaingia Security, kisha Access and data control, kisha API controls, unaitafuta tovuti ile kwa jina, unasoma inaomba taarifa gani za mtoto, na unaipa ruhusa kwa wanafunzi wanaoihitaji. Huduma zilizobaki zinaendelea kuwa kama zilivyo. Watoto wako warudishe kwenye umri wao, nakuomba.

Mwl_Usa_River

Kusoma inaomba taarifa gani ndiko kunakochosha, maana kila kampuni huandika kurasa nyingi za masharti kwa Kiingereza cha mawakili. Nitaangalia. Siahidi kwamba nitakamilisha kabla ya mitihani.

Mzazi_Majengo_Moshi

Narudi na majibu, na hasira haijapungua, imehama tu. Nimefanya jaribio la kompyuta kwenye duka la huduma za mtandao karibu na stendi, binti akiwa pembeni yangu, na ukurasa mweupe umetokea neno kwa neno. Nimetuma picha kwenye kundi. Wazazi wawili ambao hawajawahi kuisikia Family Link wamejibu papo hapo kwamba watoto wao wanaona kitu hicho hicho, na walikuwa kimya wakidhani simu zao ni mbovu. Mke wangu sasa ni mzazi kamili kwenye kundi la familia na ameshatoa idhini moja bila mimi.

Mkuu wa shule amenipigia. Ameacha kutaja udhibiti wa wazazi, lakini sikiliza alichosema: akaunti ya msimamizi ilifunguliwa na mwalimu wa TEHAMA aliyeondoka mwaka jana bila makabidhiano, na nambari yake ya simu haipatikani. Kwa maneno mengine, shule imelipia tovuti ambayo hakuna mtu aliyebaki mwenye uwezo wa kuifungua, na walipoona mlango umefungwa wakatuelekezea sisi kidole. Nimedai alama zote za "hakufanya" zifutwe na mazoezi yatolewe kwenye karatasi mpaka hapo watakapojipanga. La alama amekubali. La karatasi anasema atalifikisha kwenye kikao.

Fundi, kuna namna ya kuingia bila mwalimu huyo?

Fundi_Akaunti_Njiro

Ipo, ila inapitia kwa mwenye jina la mtandaoni la shule, lile linaloishia na .sc.tz. Google hurudisha usimamizi kwa shule inayothibitisha kwamba jina hilo ni lake, na uthibitisho wenyewe ni kuongeza rekodi fulani kwenye mipangilio ya jina hilo kwa kampuni iliyolisajili. Kwa hiyo swali la kumpelekea mkuu wa shule ni moja: ankara ya kila mwaka ya jina hilo inakwenda kwa nani? Kama inakwenda ofisi ya mhasibu, kazi hiyo inafanyika. Kama ilikuwa inakwenda kwenye barua pepe ya mwalimu aliyeondoka, waanze kwa msajili wakiwa na barua yenye mhuri wa shule, na waanze kabla jina lenyewe halijaisha muda.

Mzazi_Majengo_Moshi

Nimemuuliza. Hajui. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mhasibu.