Naomba ushauri: muuza mbegu anadai malipo ya awali

Habari zenu wakulima wenzangu. Kikundi chetu hapa Trans Nzoia kinatafuta mbegu ya mahindi H614 ya ekari 15. Kwa kilo 10 kila ekari, tunahitaji pakiti 75 za kilo mbili. Tumepata muuzaji kwenye WhatsApp, bei yake iko chini ya agroveti zote za mjini, ila anataka nusu ya pesa kabla ya kupakia.

Nilimwomba picha ya stika ya KEPHIS ikiwa imekwanguliwa. Nikatuma namba ile kwa SMS kwenda 1393, na jibu likaja kwamba ni H614 kweli. Lakini stika moja inathibitisha pakiti moja tu, na picha anaweza kuwa ameitoa popote. Nikaomba leseni yake ya kuuza mbegu, akatuma picha. Jina la duka lililo pale silo linalotokea M-Pesa. Namba ni ya mtu binafsi, wala si till ya duka. Anasema ni ya mhasibu wake. Mmh.

Sasa naomba kuuliza. Je, ofisi ya KEPHIS inaweza kunithibitishia namba ya leseni kwa simu, au lazima niende Kitale? Pia, kuna aliyewahi kukubaliana na muuzaji alete mzigo kwanza, wachague pakiti kadhaa wenyewe na kukwangua stika, ndipo walipe? Mliandikianaje?