Uso wangu unaonekana kama umebandikwa kwenye kijipicha, naomba ushauri

MamaSamaki_Kisumu: Habari zenu wadau. Nina chaneli ya mapishi ya samaki YouTube. Video ya wiki hii inahusu bei ya omena pale Dunga, basi nikajipiga picha jikoni, macho nimeyatoa, mkono shavuni, kama mtu aliyetajiwa bei akashtuka. Dirisha lilikuwa kushoto mwa picha. Nikaondoa ukuta, nikaomba akili mnemba initengenezee ufuo wa ziwa, jua likizama upande wa kulia. Kila kimoja peke yake kinapendeza. Nikiviunganisha, nafanana na stika juu ya kalenda, na nywele zina ukingo mweupe. Nakosea wapi?

Rangi254: Geuza mandhari yawe kama kwenye kioo, jua lihamie kushoto. Halafu zungushia mwili mstari mweupe mnene, ukingo hauonekani tena.

Kijana_wa_Nakuru: Mimi niliipa programu picha yangu iniweke kando ya Ziwa Nakuru. Flamingo walitoka safi, ila meno hayakuwa yangu. Dada, nenda Dunga ukapige picha halisi.

FundiPicha: Dada alikata uso wake mwenyewe, meno yake yako salama. Rangi254, kugeuza kunasaidia nusu tu. Jua likiwa ndani ya picha liko nyuma yake, na mtu aliyelipa jua kisogo uso wake huwa na giza. Wake unang'aa kwa mwanga wa dirisha, ndiyo maana jicho linakataa. Omba mandhari upya: jua liwe nje ya picha, mwanga uingie kutoka kushoto, na nusu ya kulia ibaki tupu kwa maandishi.

Ukingo mweupe ni mabaki ya ukuta wako. Sogeza mkato ndani pikseli 1 au 2, na kwenye nywele pitisha kifutio laini. Kisha tia ukungu kidogo kwenye ziwa, kwa sababu kamera iliyo karibu na uso haioni mbali kwa ukali uleule. Mwisho, uongezee uso rangi ya chungwa kidogo, hasa shavu lililo kushoto mwa picha.

MamaSamaki_Kisumu: Asante sana! Sasa niko ufuoni kweli. Nimeipunguza hadi ukubwa wa kiberiti kwenye simu, mshtuko bado unaonekana. Ila neno BEI nililiweka chini kulia, likafunikwa na muda wa video.

FundiPicha: Lipandishe juu. Kona hiyo iache wazi siku zote.

Jadunga: Mama, hiyo mashua iliyo kwenye mandhari yako ina mbao za kuelea pembeni. Hiyo ni ngalawa ya Pwani, hapa Dunga hatuna. Wavuvi watajua hukufika.

MamaSamaki_Kisumu: Lakini nilifika, video yote ni ya huko! Mashua naifuta leo.

Jadunga: Basi kata ufuo kutoka kwenye video yako.

FundiPicha: Fremu ya video mara nyingi huwa na ukungu wa mwendo. Mimi ningebaki na mandhari ya kutengenezwa, bila mashua.

Jadunga: Mimi bado ningeweka Dunga yenyewe.