Gawio la 20% kwa hisa ama riba ya 9% kwa akiba, nani hasa anafaidi?

Nesi, Nyeri
Hamjambo. SACCO yetu imetangaza gawio la 10% kwa hisa na riba ya 9% kwa akiba. Ile ya ng'ambo ya barabara imetoa 20% kwa hisa na 6% kwa akiba, na wenzangu wodini washaanza kujaza fomu za kuhama. Mimi nina hisa za 30,000 na akiba ya 400,000. Nihame? Na kwani ni haki hisa ilipwe zaidi ya mara tatu ya akiba?

Boda, Thika
Dada hama, 20 si ni mara mbili ya 10. Unaandika barua, unangoja siku 60, unarudishiwa hisa na akiba yako yote unaenda kuweka kule. Hizi kamati zimezoea kulalia pesa za watu na mtu akiuliza anaambiwa angoje mkutano mkuu.

Mzee aliyekuwa kamati ya usimamizi, Nakuru
Kijana, pole pole. Siku 60 uko sawa, lakini hizo ni za akiba. Hisa hairudishwi, unatafuta mwanachama mwingine ainunue, na usipompata inakaa hapo hapo. Tena akiba yenyewe haitoki kama umemdhamini mtu na bado analipa mkopo, mpaka apatikane mdhamini mwingine.

Sasa nesi shika kalamu. Kule kwa 20%, hisa zako 30,000 zinakupa 6,000. Akiba yako 400,000 kwa 6% inakupa 24,000. Jumla 30,000. Hapo ulipo hisa inakupa 3,000 na akiba 36,000, jumla 39,000. Yaani unaacha 39,000 ukimbilie 30,000, na hapo KRA hawajakata chao bado.

Watu hawaangalii 20% ni ya nini. Chukua SACCO yenye akiba ya bilioni moja na hisa za milioni 60. Kuongeza gawio la hisa kwa asilimia moja kunawagharimu 600,000. Kuongeza riba ya akiba kwa asilimia hiyo hiyo moja ni milioni 10. Ndio maana ile namba kubwa ya kuwekwa kwa bango huwa ya hisa.

Mama Duka, Embu
Hata mimi nimeibiwa hivyo hivyo! Niliweka 200,000 mwanzo wa Novemba baada ya kuuza ng'ombe wawili, wakatangaza 9%, nikajua napata 18,000. Nimeingiziwa 3,000! Nimeenda ofisini mara mbili naambiwa ni sistimu.

Mzee aliyekuwa kamati ya usimamizi, Nakuru
Mama pole, lakini hapo hujaibiwa. Riba inahesabiwa kwa miezi ambayo pesa imekaa. Yako ilikaa miwili, Novemba na Desemba, kwa hivyo ni 18,000 mara mbili gawanya kwa 12, hiyo ni 3,000 kamili. Hizo hizo zingeingia Januari mwanzoni ungepata 18,000 yote. Kosa ni la huyo wa ofisini kukujibu "sistimu" badala ya kukuonyesha hesabu ya dakika moja. Na usome sheria ndogo zenu, kuna SACCO zinaanza kuhesabu mwezi unaofuata, hapo ungepata 1,500.

Mwalimu, Kakamega
Hesabu nimeikubali, lakini swali la haki mmeliruka. Kwetu wenye hisa nyingi ni wazee waliostaafu na madelegeti, hawakopi tena, na ndio hao wanainua mkono kupitisha gawio la hisa. Sisi wa akiba ndogo ndogo ya kila mwezi ndio tunakopa na kulipa riba, halafu tunapewa makombo. Mnaita hiyo ushirika?

Mzee aliyekuwa kamati ya usimamizi, Nakuru
Mwalimu una hoja na sitaipuuza. Lakini hisa ndio inabeba hasara kwanza na haitoki, akiba inatoka. Na SASRA, wale wasimamizi wa SACCO, wanataka SACCO inayopokea amana iwe na mtaji usiopungua 10% ya mali yake yote, sasa bila kuwavutia watu kununua hisa huo mtaji utatoka wapi? Angalia pia mpangilio kwenye kitabu cha mkutano. Riba ya akiba iko upande wa matumizi, inatolewa kabla faida haijajulikana. Kinachobaki kinakatwa 20% ya mfuko wa akiba wa kisheria, ndio gawio la hisa lije. Kwa hivyo mwenye hisa anakula mwisho. Kama kwenu anakula mwisho na bado anashiba kuliko nyinyi, basi riba ya akiba iliwekwa chini makusudi, na hilo mlipinge hapo mkutanoni kabla kura haijapigwa.

Aliyekuwa karani wa mikopo, Machakos
Mimi naona nyote mnabishana juu ya asilimia na hamjauliza pesa yenyewe iko wapi. Nilifanya kazi kwa SACCO moja, sitaitaja, mwajiri alikuwa anakata watu mshahara lakini hatumi, miezi minne, mitano. Mikopo ikawa hailipwi ila kwa vitabu riba yake inaandikwa kila mwezi kama mapato. Mwisho wa mwaka karatasi inaonyesha faida nzuri, watu wakapiga makofi, gawio likapita. Kwa akaunti hakukuwa na kitu. Tukaenda kukopa benki ndio tulipe. Kufika Juni mama mmoja mjane alikuja kuchukua akiba ya marehemu mumewe, nikamwambia rudi wiki ijayo, nikamwambia hivyo mara tano nikijua kabisa hakuna pesa. Bado linaniuma.

Nesi, kwa hiyo SACCO ya 20% omba kitabu chao ufungue ukurasa wa mtiririko wa pesa taslimu. Kama faida imepanda lakini pesa iliyoingia kutoka kwa shughuli imeshuka, na riba ambayo haijapokelewa imevimba kuliko mwaka uliopita, na mkopo wa benki umetokea hapo katikati, kaa mbali. Sheria hairuhusu kulipa gawio litakaloshusha mtaji chini ya kiwango, lakini mikopo mibovu isipotengewa hasara mtaji huonekana mzuri tu.

Na kinyume chake pia ni kweli. SACCO zilizokuwa na pesa KUSCCO, ule muungano wa SACCO, baada ya ukaguzi wa PwC kuonyesha pengo la shilingi bilioni 13.3, zililazimika kutenga hasara. Iliyopunguza gawio ikawaeleza wanachama ukweli naiamini kuliko iliyolipa kama kawaida.

Boda, Thika
Sawa, ya hisa kutorudishwa sikujua, nashukuru. Lakini mimi ni wa kukopa, sina akiba ya 400,000. Hiyo 9% mnayosifu inatoka kwa 12% ninayolipa mimi. Si afadhali riba ya akiba iwe 6% na mkopo ushuke? Mbona hakuna anayetangaza hiyo kwa bango?

Mwalimu, Kakamega
Hapo umenena. Ingawa 6% ya wale wa ng'ambo haijashusha mkopo, imeenda kwa hisa.

Mzee aliyekuwa kamati ya usimamizi, Nakuru
Tulijaribu kuleta hoja hiyo mwaka mmoja, waweka akiba wakubwa wakatishia kutoa pesa zao, tukaiondoa kwa ajenda. Sijui hata leo kama tulifanya sawa.

Nesi, Nyeri
Asanteni sana, sihami kwa ajili ya 20%. Kitabu chao nimeahidiwa kesho na dada anayefanya kazi kule. Lakini nimeshtuka kwa ile ya wadhamini: nimewadhamini wawili kati ya hawa wanaohama. Mmoja anasema akiba yake itafuta mkopo wote, mwingine mkopo wake ni karibu mara tatu ya akiba na anasema ataendelea kulipa kutoka huko. Wanaweza kumwachilia kweli, na mimi nibaki nimeshikiliwa?