Naomba msaada kusoma ramani ya hospitali niliyoipiga picha

Ndugu zangu habari, kesho kutwa nampeleka mama kliniki ya macho kwenye hospitali moja kubwa hapa Kampala, na yeye hawezi kutembea sana. Wiki iliyopita nilipiga picha ile ramani ya ukutani pale geti kuu nikijua nimemaliza kazi, kumbe wapi! Siku hiyo niliingia na boda kwa geti la nyuma, nikafungua simu, ramani inasema macho ni kulia, nikakata kulia nikatokea jikoni kwenye masufuria ya posho 😂

Baadaye askari akanieleza kwamba ile doti nyekundu ya "uko hapa" ni ya pale ubao uliposimama tu, na ubao umechorwa kufuata upande unaoutazama, si lazima kaskazini iwe juu. Kwa hiyo nikiingia nyuma inabidi niigeuze simu juu chini, kulia inakuwa kushoto. Hiyo nimeelewa.

Sasa shida ni kile kisanduku cha maelezo ya alama, flashi imemulika nusu yake. Macho wameandika G kisha 14. G najua ni chini kabisa, na 1 ni ghorofa ya juu yake, ila 14 ni namba ya chumba ama ya jengo? Na kile kisanduku chenye msalaba wa X katikati ni lifti kweli? Kuna mistari mingi kama ngazi karibu yake, mama ngazi haziwezi.