Nimeombwa nakala za usajili wa kampuni zilizothibitishwa. Muhuri wa nani unatosha?

Fundi_Sakina: Habari wakuu. Tumeomba zabuni ya kufunga mabomba hapa Arusha. Afisa manunuzi ametuandikia barua: tupeleke nakala zilizothibitishwa za cheti cha usajili na katiba ya kampuni kufikia Ijumaa. Naombeni msaada, nina wasiwasi.

MamaNjiro: Wakili yeyote anakugongea, dakika tano tu.

Kibosho_Boy: Mimi Moshi walinikwamisha kwa leseni ya biashara iliyoisha. Angalia na yako.

Karani_Mstaafu: Wakili huthibitisha baada ya kuiona nakala halisi. Unayo?

Fundi_Sakina: Anayo mwenzangu tuliyeanzisha naye kampuni. Tuligombana, hapokei simu. Lakini nina fotokopi safi, na kuna wakili amekubali kuigonga.

Karani_Mstaafu: Usikubali. Muhuri huo unasema ameona nakala halisi, na hajaiona. Omba BRELA, wasajili wa kampuni, kupitia mfumo wao wa mtandaoni ORS, nakala iliyothibitishwa na msajili, maana kumbukumbu wanazo wao. Kampuni ilisajiliwa lini?

Fundi_Sakina: 2012.

Karani_Mstaafu: Basi hakikisha taarifa zake zilishahuishwa kwenye ORS. Za zamani ambazo hazikuhuishwa hukwamia hapo. Na kwenye zabuni uliandika wakurugenzi ni akina nani?

Fundi_Sakina: Mimi na mke wangu. Yule aliondoka mwenyewe, kazi yote naifanya mimi. Sioni kosa.

Mchungaji_Usa: Ndugu yangu, uongo kwenye karatasi ni uongo. Mke wako anajua umemwandika?

Tembo_wa_Kijenge: Hii stori ya kutunga. Zabuni siku hizi ziko mtandaoni kwenye mfumo wa NeST, barua ya mkononi ya nini?

Fundi_Sakina: NeST ni ya taasisi za umma. Hii ni hoteli ya mtu binafsi. Sijatunga.

MamaNjiro: Hapo kweli. Hoteli nyingi hutuma barua tu.

Karani_Mstaafu: Basi masharti ni yale ya kitabu chao cha zabuni, kisome. Ila tatizo liko palepale: BRELA bado yupo mwenzako, zabuni inamtaja mkeo. Atakayelinganisha karatasi mbili ataliona. Kumtoa mkurugenzi kunataka barua yake ya kujiuzulu au azimio la mkutano, na hisa zake hazihami zenyewe. Hayaishi kabla ya Ijumaa, na hata yakiisha hayabadilishi hali ya siku uliyowasilisha zabuni. Mwandikie afisa leo: umeomba nakala BRELA, unaomba siku za nyongeza, na orodha ya wakurugenzi mliyoipeleka inahitaji kusahihishwa. Ambatisha uthibitisho wa maombi.

Fundi_Sakina: Nikisema hivyo si watanitoa?

Karani_Mstaafu: Wanaweza. Lakini wakigundua wenyewe, watakutoa na zabuni zijazo hawakuiti.

Fundi_Sakina: Siku za nyongeza naomba leo. Hilo la wakurugenzi nalifikiria kwanza.

Mchungaji_Usa: Swali langu la mke halijajibiwa.