Kazi mbili Lubumbashi: 2,000,000 ao 1,900,000, nisaini ipi?

Kijana_Katuba: Wakubwa, nasaini Ijumaa. Kazi A inalipa franka 2,000,000 kwa mwezi, B 1,900,000. Rafiki anasema ukipita 1,800,000 IPR, ile kodi ya mushahara, ni 30% ya yote, kwa hiyo A itanibakishia 1,330,000 tu, ila ya B si yote inahesabiwa kodi, haifiki pale. Nichukue B?

Fundi_Ruashi: Rafiki yako ana haki. 30% inaanza pale. Chukua B.

Mzee_Fishi: Inaanza pale, lakini inakata kile kilichopita pale tu. Kijana, hizo 1,900,000 ni mushahara wa msingi mtupu, ao kuna pesa ya nyumba ndani? Una mke, watoto?

Kijana_Katuba: Samahani. Sina mke wala watoto. B ni msingi 1,600,000 na nyumba 300,000. A yote ni msingi.

Mama_Kamalondo: Wewe una bahati, wanakuuliza habari ya watoto mapema! Mie nina watoto watano, kila mmoja anapunguza IPR kwa 2%. Nilikuwa nakatwa 150,000 kila mwezi, na kwenye fishi ya mushahara, pale pa watu wa kulisha, palikuwa sifuri. Miezi kumi na moja sikuangalia. Nilipeleka vyeti vya kuzaliwa, wakarekebisha mwezi uliofuata, ila zile 15,000 za kila mwezi sijarudishiwa hata leo.

Mzee_Fishi: Pole sana, mama. Kijana, nimekupigia hesabu kwa baremu ya kodi ya 2024. A: CNSS, mchango wa pansheni, 5% ni 100,000, inabaki 1,900,000. Za kwanza 162,000 zinakatwa 3%, ni 4,860. Kutoka hapo mpaka 1,800,000 ni 15%, 245,700. Ile 100,000 ya juu peke yake ndiyo inakatwa 30%, ni 30,000. IPR yote 280,560, unabeba 1,619,440.
B: CNSS 80,000, IPR 208,560 juu ya 1,520,000. Ongeza nyumba, ambayo haikatwi kwa kuwa haijapita 30% ya msingi: 1,611,440.

Fundi_Ruashi: Tofauti 8,000 tu? Basi sikuwa najua. Lakini hizo kontra zenyewe zimeandikwa kwa dola ao franka? Baremu ni ya franka. Kontra ikiwa ya dola, dola ikipanda, franka kwenye fishi zinapanda, na unapanda ngazi ya kodi nawe.

Mama_Kamalondo: Mie ningechagua dola kila siku. Hapa Lubumbashi, soko la Kenya, bei zinafuata dola.

Mzee_Fishi: Angalia na hili: CNSS inahesabiwa juu ya msingi, na pansheni pia. B inakuandikia 1,600,000, A 2,000,000. Hata siku wakikuachisha, hesabu ya mwisho inafuata msingi.

Kijana_Katuba: Nina miaka 26, pansheni ni mbali... Ila A iko Kipushi, nje ya Lubumbashi, na transpo hawajaandika.

Fundi_Ruashi: Kipushi kila siku?! Kwa nini hukusema toka mwanzo?