Niliuza mzigo wote kwa faida, lakini fedha hazikutosha kuagiza mwingine. Je, bei niipange kwa dola ya lini?

MamaSufuria_Busia:
Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaagiza seti za sufuria za stili kutoka China na kuziuza kwa jumla Busia na Mbale. Mwaka 2023 niliagiza seti 1,000 zenye thamani ya dola 10,000, gharama za meli na bima zikiwamo, wakati dola moja ilikuwa takribani shilingi 3,700 za Uganda. Baada ya ushuru wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, wakala na lori, kila seti ilinifikia dukani kwa shilingi 58,000. Niliiuza kwa 64,000, na wengine niliwakopesha. Faida ya milioni 6 ililipa kodi ya duka na karo za watoto.

Nilipomaliza kukusanya madeni, mwanzoni mwa 2024, dola ilikuwa imefika 3,900. Muuzaji wangu wa China hakuongeza hata senti moja, lakini milioni 58 nilizobaki nazo hazikutosha kuleta mzigo uleule, na pengo nililijaza kwa mkopo. Sasa ninajiandaa kuagiza tena. Nilikosea wapi, na ni nini kiliisukuma dola wakati mimi sikuona tukio lolote hapa kwetu?

Kijana_Kikuubo:
Mama, jambo ni rahisi. Kila unapouza, nunua dola siku hiyohiyo ukae nazo, kwa sababu dola haishuki kamwe. Mimi ndivyo ninavyofanya, na sijawahi kulia.

MstaafuWaForodha:
Dada yangu, nimefanya kazi ya uwakala Malaba kwa miaka mingi, na hesabu hii nimeiona ikiwaangusha watu makini kuliko wewe. Tuirudie kwa mzigo wako mwenyewe. Kwa dola ya 3,700, bidhaa ni milioni 37, ushuru ni 9,250,000, na VAT, inayotozwa juu ya jumla ya hivyo viwili, ni 8,325,000. Ukiongeza takribani 3,425,000 za wakala na lori, unapata milioni 58. Kwa dola ya 3,900, bidhaa ni milioni 39, ushuru 9,750,000 na VAT 8,775,000. Hata kama wakala na lori hawakuongeza kitu, jumla ni 60,950,000.

Dola imepanda shilingi 200 tu, lakini seti yako imepanda shilingi 2,950, kwa kuwa kila seti ni dola 10, na kodi nazo hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kugeuzwa kuwa shilingi. Karibu nusu ya zile milioni 6 ulizoziita faida zilikuwa mtaji wa mzigo unaofuata, nawe ukazilipia karo bila kujua. Kosa halikuwa karo, bali kupima faida kwa gharama ya mzigo uliokwisha kuuzwa, badala ya gharama ya kuurudisha rafuni.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Bila shaka ulilipa malipo ya awali wakati wa kuagiza na salio baadaye, kwa viwango viwili tofauti vya benki. Forodha haijali wastani wako. Mamlaka ya Mapato hutangaza kila mwezi kiwango chake cha kukokotolea ushuru, nacho hutumika kwa ankara yako yote, hata sehemu uliyoilipia dola ikiwa chini. Kwa hiyo, kabla ya kupanga bei, uliza kiwango cha forodha cha mwezi ambao mzigo utatangazwa mpakani, usitumie kile kilichobandikwa kwenye duka la kubadilishia fedha. Na ikiwa umesajiliwa kwa VAT, iondoe katika gharama, kwa kuwa utaikata kwenye VAT ya mauzo yako.

Mfuatiliaji_Jinja:
Nijibu swali la pili, kwa sababu limeachwa. Benki Kuu ya Uganda haipangi bei ya dola. Bei hutokana na wanaozileta na wanaozitafuta siku hiyo: kahawa, dhahabu, watalii na fedha za ndugu walio ughaibuni kwa upande mmoja, mafuta, mashine na kampuni zinazopeleka gawio nje kwa upande mwingine. Hata tarehe ina uzito, kwani kampuni zenye dola huziuza ili zipate shilingi za kulipia kodi, na mara nyingi shilingi hupata nguvu kidogo katikati ya mwezi.

Mwanzoni mwa 2024 kilichotikisa ni wawekezaji wa nje waliokuwa wameshika hatifungani za serikali yetu. Februari mwaka huo Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, na baadhi yao wakauza za kwetu, wakanunua dola na kuondoka. Ndiyo maana hukuona tukio lolote hapa. Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 9.5 hadi 10 mwezi Machi, kisha 10.25 mwezi Aprili, ili kushika shilingi kuwe na manufaa tena.

Kwa hiyo, Kijana, si kweli kwamba dola haishuki. Mwaka 2025 ilishuka hadi chini ya 3,600, na aliyezinunua kwa 3,900 akazificha alipoteza. Kununua dola mapema kunafaa kwa kiasi cha oda unayoijua tu, si kwa kila shilingi ya duka.

DadaWaTororo:
Mimi nanunua vitambaa Nairobi wala sigusi dola, lakini yalinikuta yaleyale, tena kwa ukali zaidi. Mapema Februari 2024 shilingi moja ya Kenya nilikuwa naipata kwa takribani 24 za kwetu. Mwisho wa Machi ilikuwa karibu 30. Gora nililozoea kulichukua kwa 2,000 za Kenya lilitoka 48,000 hadi 60,000, na mwenye duka hajabadilisha bei yake. Nilimgombeza bure.

Mfuatiliaji_Jinja:
Dada, hukuepuka dola. Zilezile fedha zilizoingia Kenya ziliipa nguvu shilingi yao, kutoka takribani 160 kwa dola hadi karibu 130, wakati yetu ikidhoofika. Wewe ulibanwa pande zote mbili.

MamaSufuria_Busia:
Nashukuru sana, hasa Mzee wa forodha; sikuwahi kuiona ile 2,950. Ila bado nina shaka moja. Nikipandisha bei leo kwa sababu dola imepanda, jirani yangu mwenye stoo iliyojaa mzigo wa zamani atauza kwa bei ya jana, na wateja wangu wa Mbale watahamia kwake.

MstaafuWaForodha:
Hapo sina jibu kamili, dada yangu. Ukimfuata kwa bei, unauza mtaji. Usipomfuata, unakaa na mzigo. Mimi ningepunguza kukopesha wateja kwanza, kwa kuwa deni la mteja la miezi mitatu ndilo linalokuacha wazi zaidi, kisha ningeangalia stoo yake ina katoni ngapi.

Kijana_Kikuubo:
Na benki je? Nimesikia unaweza kufunga bei ya dola ya miezi mitatu ijayo leo hii.

MstaafuWaForodha:
Unaweza, lakini bei watakayokupa huwa juu ya ile ya leo, kwa kuwa riba ya shilingi ni kubwa kuliko ya dola. Kwa mzigo wa dola 10,000, Mama aulize kwanza kama benki yake inakubali kiasi kidogo hivyo.